Pia mbili zilizobandikwa kitako kwa kitako: jibu lako limepotea wapi?

Swali lenyewe ni fupi. Pembetatu mraba yenye pande za sentimita 15, 20 na 25 inazungushwa kwenye hipotenusi yake. Tafuta ujazo wa umbo linalopatikana.

Jibu ni 1200π, yaani karibu sentimita za ujazo 3770. Nafundisha hisabati jioni, na swali hili nimelisahihisha mara nyingi kiasi kwamba majibu yasiyo sahihi nayajua kwa sura: 2000π, 1500π, 3500π, 1680π, 4800π, 3600π. Hayaji kwa bahati mbaya. Kila moja linatoka kwenye kosa lake, na kosa hilo mtu anaweza kulitambua kwa kuangalia jibu tu, kabla hata ya kusoma hatua. Kwa hiyo nitalifuata jibu mpaka chanzo chake, nikitumia vipimo hivi hivi ili uweze kulinganisha na daftari lako.

Kwanza ulione umbo

Chukua kadibodi, kata pembetatu ya 6, 8 na 10. Ubandike upande wa 10 kwenye kijiti cha mshikaki kwa utepe wa gundi, kisha ukipekeche kijiti kati ya viganja viwili kama anayewasha moto kwa kupekecha. Kadibodi itapotea machoni na utaona umbo lenye ncha juu na ncha chini, lenye tumbo lililotuna. Ni pia mbili, wengine huziita koni, zilizogusana vitako. Angalia tumbo liko wapi: haliko katikati ya kijiti. Liko karibu zaidi na ncha ya upande mfupi. Angalia vilevile ni nini kinachochora tumbo hilo. Ni ile kona yenye pembe mraba, na nusukipenyo cha tumbo ni umbali wa kona hiyo kutoka kwenye kijiti.

Sasa rudi kwenye 15, 20, 25. Ziite kona A, B na C, pembe mraba iwe C, hipotenusi iwe AB. Kutoka C shusha mstari unaokutana na AB kwa pembe mraba mahali D. Huo CD ndio nusukipenyo, r. Tunaupata kwa kupima eneo lilelile mara mbili. Tukitumia pande fupi, eneo ni nusu ya 15 × 20, yaani 150. Tukitumia hipotenusi kama kitako, eneo ni nusu ya 25 × r. Ni pembetatu ileile, kwa hiyo 12.5r = 150, na r = 12.

Kimo cha pia ya kwanza ni AD. Kwa kanuni ya Pithagorasi, 15² − 12² = 81, hivyo AD = 9. Kimo cha pia ya pili ni DB: 20² − 12² = 256, hivyo DB = 16. Vikijumlishwa ni 25, urefu wa hipotenusi kamili, kama ilivyopaswa.

Ujazo wa ya kwanza ni ⅓π × 144 × 9 = 432π. Wa ya pili ni ⅓π × 144 × 16 = 768π. Jumla ni 1200π. Ukitoa kinachofanana nje ya mabano, unabaki na ⅓π × 144 × (9 + 16), maana yake vimo viwili havihitaji kutafutwa kimoja kimoja. Kwa pande fupi a na b na hipotenusi c, r ni ab/c, na ujazo wote ni:

V = πa²b² / 3c

Jibu ni 2000π au 1500π

Umezungusha kwenye upande usio wenyewe. Ukizungusha kwenye upande wa 15 unapata pia moja tu, nusukipenyo 20 na kimo 15, na hiyo ni 2000π. Kwenye upande wa 20 unapata pia yenye nusukipenyo 15 na kimo 20, ambayo ni 1500π. Chanzo mara nyingi ni mchoro. Vitabu vimetuzoesha kuchora pembetatu mraba ikiwa imesimama kwa mguu mmoja, pembe mraba chini, na jicho linauchukua ule mstari uliosimama kuwa ndio mhimili bila kuuliza. Dawa yake ni kuigeuza karatasi mpaka hipotenusi isimame wima, kisha kuchora upya. Ukishafanya hivyo, kona ya pembe mraba inatokeza pembeni na huwezi kukosa kuziona pia mbili.

Mwenye 3500π ameliona neno "mbili" lakini akazitafuta pia hizo mahali pengine: amejumlisha 2000π na 1500π. Hizo ni pia za maumbo mawili tofauti, hazikutani popote.

Kuna kipimo hapa ambacho nakipenda kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji mchoro. Ukizungusha kwenye hipotenusi, ujazo lazima uwe mdogo kuliko ukizungusha kwenye upande mwingine wowote wa pembetatu hiyo. Chukua 2000π, zidisha kwa 15/25: unapata 1200π. Chukua 1500π, zidisha kwa 20/25: unapata 1200π tena. Njia zote mbili zinafika mahali pamoja, na kwa kuwa upande mfupi ukigawanywa kwa hipotenusi daima ni chini ya 1, jibu daima litashuka. Kama jibu lako ni kubwa kuliko 1500π, usiendelee na kipengele kinachofuata. Rudi nyuma.

Jibu ni 1680π

Hili hunisikitisha kidogo, kwa sababu mwenye nalo amefanya kazi ngumu vizuri. Amepata r = 12, ameona pia mbili, halafu kwenye kimo ameandika 15 na 20. Amepata ⅓π × 144 × 35.

Lakini 15 na 20 si vimo. Ni mishazari, yaani ubavu wa nje wa pia kutoka nchani mpaka ukingoni. Kimo kinapita ndani, kwenye mhimili, kutoka nchani mpaka katikati ya kitako. Ukiwa na kijiti chako cha mshikaki, kimo ni kipande cha kijiti chenyewe. Kingo za kadibodi zinazokwenda kwa mteremko ni mishazari. Kosa hili linajitambulisha kwa jumla ya vimo: vimo viwili vimelala kwenye kijiti kimoja, kwa hiyo jumla yao haiwezi kuzidi urefu wa hipotenusi. Thelathini na tano haiwezi kukaa ndani ya ishirini na tano.

Jibu limezidi au limepungua mara kamili

Hapa gawanya jibu lako kwa 1200π uone unapata nini. Ukipata 4, yaani una 4800π, umetumia kipenyo 24 badala ya nusukipenyo 12. Ukipata 3, yaani 3600π, umesahau theluthi, na umepima silinda ambayo umbo letu lingekaa ndani yake. Kama una 100π, umesahau kuipandisha 12 kwenye kipeo cha pili. Kama una 432π au 768π, umeishia kwenye pia moja.

Kuna moja linalotoka kwenye kalkuleta, si kichwani. Mwanafunzi anaonyesha hatua zote sawa, halafu mwisho kabisa anaandika 381.97. Kalkuleta nyingi za kisayansi, ukiandika π mara baada ya 3 bila alama ya kuzidisha, huzishika hizo mbili kama kitu kimoja. Ukibonyeza hivi:

```
1÷3π×12²×25
```

inasoma moja gawanya kwa 3π, na π yako inahamia chini ya mstari. Bonyeza hivi badala yake, na theluthi iwe ya mwisho:

```
π×12²×25÷3
```

Utaona 3769.91. Mwenzako aliyetumia 22/7 atakuwa na 3771.43, na aliyetumia 3.14 atakuwa na 3768. Hakuna aliyekosea kati yenu, ila msome swali limeagiza π ipi.

Jibu ni sahihi, lakini hatua si sahihi

Hapa naomba tukae kidogo. Kijana mmoja aliniletea daftari lenye 1200π, na nilikuwa nimeshainua kalamu kuweka vema nilipoona vimo alivyoandika: 12.5 na 12.5. Aliamini kwamba D iko katikati ya hipotenusi. Nikamwuliza, mwanangu, nani amekwambia ni katikati? Akanijibu, "Mwalimu, si ni pia mbili zinazofanana?"

Hazifanani ukubwa. Moja ina kimo 9 na nyingine 16. Jibu lake lilitoka sawa kwa sababu ujazo unategemea jumla ya vimo, na 12.5 + 12.5 ni 25 kama 9 + 16. D angeweza kuiweka popote kwenye AB na ujazo usingebadilika, mradi r imebaki 12. Ujazo ulimsitiri.

Kipengele cha pili cha swali hakikumsitiri. Kilitaka eneo la uso wa nje. Eneo la ubavu wa pia ni π × r × mshazari, na mishazari ni 15 na 20, basi uso wote ni 12π × 35 = 420π. Yeye alijenga mshazari wake mwenyewe kutoka 12 na 12.5, akapata 17.33, na uso wote ukawa 415.9π. Tazama jinsi lilivyo karibu na jibu sahihi. Mtu anaweza kudhani ni makadirio ya desimali tu na kulipita. Lakini pande zetu zote ni namba kamili, hakuna mahali pa kukadiria, na tofauti ndogo isiyo na sababu ni dalili ya kuchukulia kwa uzito kuliko tofauti kubwa.

Ndugu wa kosa hilo ni jibu la 1302π na ushei. Huyu naye ameweka D katikati, ila ameenda hatua moja zaidi: ameichukua 12.5 kuwa ndiyo nusukipenyo. Anakumbuka kitu cha kweli, kwamba katika pembetatu mraba mstari kutoka kona ya pembe mraba mpaka katikati ya hipotenusi ni nusu ya hipotenusi. Ni kweli. Lakini mstari huo umeinama, haukutani na AB kwa pembe mraba, na umbali wa kona kutoka kwenye mhimili hupimwa kwa mstari ulionyooka kuliko wote, ule mfupi kabisa. Mistari hiyo miwili huwa mmoja pale tu pande fupi zinapolingana, kama 10 na 10.

Jibu liko karibu, lakini si lenyewe

Pande zisipokuwa namba za kupendeza, shida huhamia kwenye desimali. Chukua pande fupi za sentimita 5 na 7. Hipotenusi ni √74, na kanuni inatoa 1225π / 3√74, ambayo ni 149.12 kwa desimali mbili. Mwanafunzi anayekadiria mapema ataandika hipotenusi 8.6, nusukipenyo 35 ÷ 8.6 = 4.1, kisha atapata 151.39. Amepotea kwa zaidi ya sentimita za ujazo mbili.

Kosa kubwa halikutoka kwenye hipotenusi. Limetoka kwenye nusukipenyo, kwa sababu nusukipenyo hupandishwa kwenye kipeo cha pili, na kosa la sehemu moja katika mia ndani ya r huwa takriban sehemu mbili katika mia ndani ya ujazo. Aliyebaki na 8.6 lakini akatumia kanuni yenye a²b² juu, bila kuandika r kabisa, anapata 149.16, ambalo ni karibu mno na lenyewe. Ndiyo maana nasisitiza: kama swali halijauliza nusukipenyo, usiiandike kwa desimali. Ibebe kama ab/c mpaka mwisho.

Umetumia njia ya Papusi na jibu halikubaliani

Wanaosoma hisabati ya juu hupenda njia fupi ya Papusi wa Aleksandria: ujazo wa umbo la mzunguko ni eneo la pembetatu likizidishwa na urefu wa njia inayopitiwa na kitovu cha uzito wake. Eneo ni 150. Kitovu cha pembetatu kiko theluthi moja ya kimo kutoka kwenye kitako, na kitako chetu sasa ni hipotenusi, hivyo kiko umbali wa 4 kutoka kwenye mhimili. Njia yake ni 2π × 4 = 8π, na 150 × 8π = 1200π. Ni njia nzuri ya kuhakiki kwa sababu haijagusa pia hata moja.

Ukipata 1800π umeweka kitovu nusu ya kimo, kwenye 6, kama vile ni mstatili. Ukipata 3600π umezungusha kona yenyewe, kwenye 12. Na ukipata namba ambayo haihusiani na chochote, hakiki kama umepima umbali wa kitovu kutoka kwenye hipotenusi au kutoka kwenye upande mwingine. Kitovu ni kilekile, ila kila upande una umbali wake.

Kanuni iko sawa, pembetatu siyo

Kabla ya kutumia ab/c, hakikisha pembe mraba ipo. Pembetatu ya 13, 14 na 15 inaonekana nzuri, lakini 13² + 14² ni 365 na 15² ni 225. Ukiizungusha kwenye upande wa 15, bado unapata pia mbili, na bado ujazo ni ⅓πr² × 15. Kinachoharibika ni r. Kwa ab/c ungepata 12.13, wakati eneo la pembetatu hiyo ni 84, na r ya kweli ni 84 × 2 ÷ 15 = 11.2. Ujazo wa kweli ni 627.2π, na wa kanuni iliyotumiwa vibaya ni karibu 736π. Njia ya eneo haikutupi hata pembe mraba isipokuwepo. Njia ya ab/c ni mtoto wake, na anaishi kwenye pembetatu mraba peke yake.

Kwa ambaye bado haamini

Tengeneza pia zote mbili kwa karatasi ya manila. Kwa ile fupi, chora duara lenye nusukipenyo 15, ukate na kutoa kipande cha nyuzi 72, kinachobaki ni nyuzi 288. Kwa ile ndefu, duara lenye nusukipenyo 20, toa nyuzi 144, kinabaki cha nyuzi 216. Acha sikio la gundi la sentimita moja nje ya vipimo hivyo, kwa sababu ukilikata ndani ya kipimo, mdomo unakuwa mdogo. Zikunje. Midomo yote miwili inapaswa kuwa na mzingo wa 24π, karibu sentimita 75.4, na kukaliana sawasawa. Isipokaliana, umekosea kupima nyuzi.

Jaza mchele, usawazishe kwa rula, kisha upime kwa jagi. Fupi inabeba karibu lita 1.36, ndefu karibu lita 2.41, na kwa pamoja lita 3.77. Halafu ishike ile ndefu ncha ikiwa chini, umimine ndani yake mchele wote wa ile fupi. Wengi hutarajia ufike sentimita 9 kutoka nchani, kimo cha pia ulikotoka. Unafika karibu sentimita 13.2, kwa sababu karibu na ncha pia ni nyembamba na haimezi kitu, na nafasi yote iko juu, karibu na mdomo.